Dazeni moja ya sahani: kisa cha mama lishe wa mwaloni na kucha zilizomenyeka kama kitunguu

Mgonjwa na kazi yake

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama lishe, ana kibanda cha chakula karibu na mmoja wa mialo ya Mwanza. Nitamwita Mama Sato, kwa sababu sato wa kukaanga na wa mchuzi ndiye anayemlisha. Mambo ambayo yangemtambulisha nimeyaacha au nimeyabadilisha. Yanayohusu mikono yake nimeyaacha yalivyo.

Kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi inaporudi. Ananunua samaki, anawaparua magamba, anawatumbua na kuwaosha. Saa moja anauza chai na chapati. Kuanzia saa sita hadi saa tisa kibanda kinajaa wachuuzi, wabeba mizigo na madereva wa bodaboda. Jioni wanakuja tena, wachache. Anasaidiwa na binti wa dada yake, wa miaka kumi na tisa.

Hana kisukari, hana dalili za tezi ya shingo, hatumii dawa yoyote ya kila siku.

Alichokuja nacho

Hakuja kwa ajili ya kucha. Alimleta mtoto mwenye homa, na wakati nasubiri majibu ya kipimo cha malaria nikaona vidole vyake vimefungwa plasta, vitatu mkono wa kushoto na viwili wa kulia. Nilidhani amejikata. Akacheka kwa aibu: "Hapana daktari, kucha zinanasa. Zinanasa kwenye khanga, kwenye nywele za mtoto, hata kwenye unga."

Kucha sita kati ya kumi zilikuwa zimeharibika: gumba, cha shahada na cha kati, mikono yote miwili. Ncha zilikuwa zimeachana tabaka kwa tabaka, kama kitunguu kinavyomenyeka, na tabaka la juu limebanduka na kubaki ukingo mweupe uliochakaa. Gumba la kushoto ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Utengano ulikuwa umerudi nyuma kama milimita 4 kutoka ncha.

Hali hiyo ilikuwa na zaidi ya mwaka. Duka la dawa lilimpa krimu ya fangasi, akapaka miezi miwili bila nafuu. Jirani akamwambia amepungukiwa kalsiamu, akanunua vidonge vya kalsiamu. Mwishowe, kwa sababu wateja walianza kutazama vidole vyake anapowawekea ugali, akaanza kupaka rangi nyekundu ya kucha kila Jumapili na kuifuta Jumamosi kwa dawa ile inayonuka sana ya kufutia rangi.

Kosa langu

Siku hiyo zahanati ilikuwa imejaa. Nikaona weupe, nikaona ncha zinazovunjika, nikaona mtu anayeshinda kwenye maji. Nikaandika griseofulvini, dawa ya fangasi ya kumeza, miligramu 500 kwa siku, na kumwambia arudi baada ya mwezi.

Sikukwangua ukucha hata kidogo kutazama kwa darubini, ingawa darubini ipo, na tone la KOH la kulainisha ukucha ili fangasi waonekane lipo. Wala sikumwambia avue viatu. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana halikuhitaji kifaa wala pesa.

Alirudi baada ya wiki tano. Kucha zilikuwa vilevile, kichwa kilikuwa kinamuuma tangu aanze dawa, na alikuwa ameiacha mwenyewe siku kumi zilizopita. Alikuwa na haki.

Kuangalia upya: miguu ilisema

Safari hii nilianza chini. Kucha za miguu zilikuwa nene kiasi cha kawaida, laini juu, zisizo na ufa hata mmoja. Hapo shauri likabadilika. Ugonjwa unaotoka ndani ya mwili, kama upungufu wa madini ya chuma au tatizo la tezi, kwa kawaida hauchagui vidole vya mkono na kuviacha vya mguu. Kucha za mkono zikiwa mbovu na za miguu zikiwa nzima, sababu hutafutwa katika kazi ya mikono.

Mkononi kwenyewe ramani ilikuwa wazi. Vidole vya pete na vidogo, visivyofanya kazi nyingi, vilikuwa vizima. Gumba la kushoto lilikuwa baya zaidi ingawa yeye hutumia mkono wa kulia. Nikamwomba anionyeshe anavyoparua samaki. Alishika kisu hewani kwa mkono wa kulia, na gumba la kushoto likakunjwa, ukucha ukakandamizwa ndani ya shavu la samaki asiyekuwepo. Ule ukucha ulikuwa kabari.

Fangasi nao ana sura yake. Mara nyingi huanzia ncha au pembeni, chini ya ukucha, na ukucha unakuwa mnene na wa njano au kahawia, na ukikwangua chini yake unapata unga unga. Kucha za Mama Sato zilikuwa zimekonda, na chini yake palikuwa safi. Nilikwangua hata hivyo, tukatazama, hatukuona nyuzi za fangasi.

Ngozi nyembamba inayofunga shina la ukucha ilikuwa ipo, haijavimba wala haisukumi usaha. Hili linafaa kutazamwa kwa kila mtu wa maji, kwa sababu ngozi hiyo ikishaliwa, maji na sabuni huingia chini ya kingo, kidole huvimba kwa miezi, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Mwisho nilipima damu, kwa sababu huku ziwani safura na kichocho si wageni na vyote vinaweza kumwacha mtu na damu pungufu. Wingi wa damu ulikuwa gramu 12.4 kwa desilita, ambao kwa mwanamke asiye mjamzito unatosha. Kabla ya hapo nilidondosha tone la maji juu ya ukucha wa kidole cha shahada. Ukucha wenye upungufu mkubwa wa chuma unaweza kubonyea kama kijiko, na tone hukaa humo. La kwake liliteleza. Naongeza tahadhari: damu inaweza kuwa ya kutosha huku akiba ya chuma ikiwa imeshuka, na kipimo cha akiba hiyo, yaani ferritini, hatukuwa nacho. Miguu mizima ilinitosha kuendelea.

Maji yanavyoupasua ukucha

Ukucha ni bamba la seli bapa zilizokufa, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikana. Ugumu wake unatokana na keratini. Kalsiamu iliyomo ni kidogo mno, na ndiyo maana vidonge vya Mama Sato havikuwa na kazi ya kufanya. Bamba hilo linapitisha maji haraka kuliko ngozi. Likiingia majini linafyonza na kuvimba, likitoka linakauka na kusinyaa. Kila mzunguko wa kuvimba na kusinyaa unavuta gundi iliyo kati ya tabaka. Mara moja si kitu. Mara sitini kwa siku, kwa mwaka mzima, gundi inaachia.

Inaachia kwenye ncha kwanza kwa sababu ncha ndiyo kongwe. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kipande kilichoko ncha kilizaliwa miezi minne, mitano au sita iliyopita, na kimepitia mizunguko yote hiyo.

Sabuni inaongeza makali kwa kuondoa mafuta yanayozuia maji kupita ovyo. Mama Sato alitumia sabuni ya maji ya mtaani, ile inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, na kila mtengenezaji ana kipimo chake. Nyingine zina magadi makali hadi vidole vinateleza hata baada ya kusuuza. Kisha alisugua limao kuondoa harufu ya samaki. Kisha, kila Jumamosi, dawa ya kufutia rangi, ambayo kwa kawaida ni asetoni, inakausha kilichobaki. Rangi yenyewe haikuwa adui. Ikikaa ukuchani inazuia maji kiasi. Kosa lilikuwa kuifuta kila wiki.

Kwa hiyo swali la "unashika maji sana?" si zuri. Mvuvi aliyeloa asubuhi nzima amekauka mara moja. Swali zuri ni: mikono yako inaloa na kukauka mara ngapi?

Kuhesabu kwa nafaka

Hakujua, na mimi sikuweza kukisia. Tukakubaliana aweke kikombe karibu na jiko. Kila anapotoa mikono majini na kuifuta kwenye khanga, binti adondoshe punje: harage kwa kuosha vyombo, hindi kwa kunawisha wateja, karanga kwa samaki na mengineyo. Siku tatu.

Siku ya kwanza kikombe kilikuwa na maharage 29, mahindi 21 na karanga 18. Jumla 68. Siku mbili zilizofuata hazikuwa mbali na hapo.

Nilitegemea samaki ndio wangeongoza. Nilikuwa tayari kumhubiria kuhusu samaki. Kumbe samaki anawaparua kwa mikupuo michache asubuhi, na karanga nyingi zilikuwa za kufuta meza na kuonja mchuzi. Tatizo lilikuwa sahani. Alikuwa na sahani kumi na mbili tu. Mteja akimaliza, sahani inaoshwa hapo hapo ili mwingine apakuliwe: chovya, sugua, suuza, futa mikono, pakua, chovya tena. La pili lilikuwa jagi. Anamimina maji, mteja ananawa, nusu ya maji inarudi kwenye vidole vya anayemimina.

Tuliyoamua, na sababu

Tuliacha dawa zote za kumeza, kalsiamu ikiwemo. Aliniuliza kuhusu vidonge vya biotini alivyoviona vinatangazwa kwenye simu. Kwa kucha zinazovunjika biotini imesaidia baadhi ya watu, lakini ushahidi ni mdogo, bei si ya mama lishe, na kwa dozi kubwa inaweza kupotosha baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya moyo. Nilimwambia fedha hiyo anunue sahani.

Akanunua dazeni moja ya sahani za melamini, na ndoo yenye bomba ili wateja wanawe wenyewe. Sahani chafu zikawa zinalundikwa kwenye beseni na kuoshwa mara tatu kwa siku: baada ya chai, baada ya mchana, na jioni.

Kwa mikupuo hiyo mitatu alivaa glavu. Hapa nilikosea tena. Nilimpa glavu nyembamba za zahanati. Akazitumia hadi kwenye samaki, miiba ya mgongo wa sato ikazitoboa, maji ya sabuni yakaingia na kukaa humo na vidole vyake kwa nusu saa. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko mkono mtupu. Wiki ya pili tukahamia glavu nene za mpira za kuoshea vyombo, na ndani yake glavu nyepesi za pamba za kunyonya jasho, jozi mbili ili moja ikauke. Kwa samaki hatukuweka glavu kabisa. Samaki anateleza, kisu kina makali, na ukucha mzima hauna thamani ya kidole kilichokatwa. Badala yake aliparua wote kwa mkao mmoja, na shavu akalishika kwa kitambaa kigumu badala ya ukucha.

Mafuta ya mgando yakawekwa mahali mbili: kopo dogo karibu na beseni, na jingine kitandani. Kila baada ya kuosha anafuta mikono kwa kuigandamiza, na ukucha ukiwa bado na unyevu kidogo anapaka juu, chini ya ncha na kwenye shina. Mafuta yanafunga unyevu usitoke haraka, na mzunguko unaofuata unakuwa wa polepole. Usiku anapaka mengi zaidi. Krimu zenye yurea zipo na zinafaa, ila kopo la mgando analipata dukani kwa jirani.

Kukata: alikuwa anakata kwa wembe, kama wengi wetu tulivyolelewa. Wembe unainua tabaka. Nikamwambia atumie kikata kucha baada ya kuoga, ukucha ukiwa laini, aache ncha fupi sana, na tabaka lililoinuka asilivute kwa meno bali alilainishe kwa tupa ya kucha akisugua upande mmoja tu, si kwenda na kurudi. Rangi aliruhusiwa. Kuifuta ni mara moja kwa wiki tatu.

Nilichora pia kialama kidogo kwa tupa kwenye ukucha wa gumba, karibu na mwezi mweupe wa shina, kwa mkono mwepesi. Sababu ilikuwa ya kisaikolojia kuliko ya tiba: nilitaka aone ukucha unavyotembea polepole, asikate tamaa mapema.

Miezi mitano

Wiki ya sita alikuja kuniambia haoni tofauti. Kialama kilikuwa kimesogea milimita 4 hivi. Nikamwonyesha: "Mama, ukucha ulioanza kuulinda umefika hapa tu. Hizo ncha ni za zamani." Hakufurahi, lakini alielewa. Kikombe cha nafaka siku hiyo kilikuwa na punje 23.

Mwezi wa tatu utengano wa vidole vya shahada na vya kati ulikuwa umepungua hadi milimita 1 au chini yake. Plasta zilikuwa zimeondoka. Mwezi wa nne alipata kazi ya kupika kwenye harusi, siku mbili mfululizo, masufuria makubwa, bila glavu. Wiki tatu baadaye vidole viwili vilianza kubanduka tena kwenye ncha. Tulikata, akaendelea na utaratibu, vikatulia.

Mwezi wa tano kucha tano kati ya sita zilikuwa nzima. Gumba la kushoto lilikuwa bora kuliko mwanzo, lakini bado linaachia kama milimita 2.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Nikiulizwa ni kipi kilichomponya, nitasema sahani na ndoo. Mafuta yalisaidia, glavu zilisaidia zilipokuwa nzima, lakini kushuka kutoka 68 hadi 23 hakukutokana na chochote nilichoandika kwenye karatasi. Kulitokana na kujua kwamba mara 50 kati ya hizo 68 zilikuwa zinatoka kwenye sahani na jagi. Ningempa ushauri wa kawaida wa "punguza maji", angeitikia kwa heshima na kurudi kwenye beseni, kwa sababu mama lishe hawezi kupunguza maji. Anaweza kuyakusanya.

Gumba la kushoto lilinifundisha kwamba tatizo lake halikuwa maji peke yake. Kitambaa anakitumia asubuhi zenye samaki wachache. Mitumbwi ikirudi imejaa, anakiweka kando na gumba linarudi shavuni. Nimeona kwa macho yangu. Sina suluhisho zuri zaidi, na yeye ameamua kwamba ukucha mmoja si hoja.

Griseofulvini isingetolewa kama ningefuata mpangilio rahisi: viatu kwanza, kisha ni vidole vipi, kisha chini ya ukucha kuna nini, kisha darubini. Hata kama angekuwa na fangasi kweli, kucha za mkono huhitaji dawa hiyo kwa miezi, si mwezi mmoja, kwa hiyo nilikosea mara mbili kwenye karatasi moja. Mpangilio huo pia unamkamata asiye wa kundi hili. Ukucha mmoja peke yake unaoharibika, wenye mstari mweusi unaopanuka, maumivu au uvimbe chini yake, haumwagiwi lawama za maji. Huyo anapelekwa kwa daktari wa ngozi.

Kuna jambo sikulifikiria kabisa. Sahani zilipohamia kwenye beseni, siku nyingi aliyeziosha alikuwa binti. Glavu nene zilikuwa jozi moja, za shangazi yake. Mara ya mwisho nilipopita kula, aliniletea ndoo ya kunawia, akanyoosha mkono bila kuulizwa. Kidole cha shahada cha kulia, kwenye ncha, tabaka la juu lilikuwa limeinuka kidogo. Nikamwambia Mama Sato jozi ya pili ya glavu haisubiri mwisho wa mwezi, na binti akaenda kutafuta kikombe.